Wapatanishi wa saa mbili

Nawavulia kofia wachambuzi wa ushahidi wa picha, kwa sababu kabla ya kugusa chochote kwenye mashine ya kamera huweka simu yenye saa ya mtandao kando ya skrini na kuzipiga picha saa zote mbili pamoja.

Chukua mfano wa duka. Siku tisa baada ya tukio, saa ya kamera imetangulia kwa dakika 7 na sekunde 20. Mvivu angetoa hizo na kumaliza. Mchambuzi hupima tena baada ya siku kumi, akapata 7 na 40: saa inakimbia sekunde 2 kwa siku. Basi usiku wa tukio, kama hakuna aliyeigusa, ilitangulia kwa 7 na 02. Mtu aliyeinua simu sikioni saa 20:10:42 aliiinua saa 20:03:40.

Rekodi ya kampuni ya simu inasema 17:03:40. Imeandikwa kwa UTC. Ongeza saa tatu, zinakutana. Lakini mwito mmoja unaweza kuwa bahati, kwa hiyo mchambuzi hutafuta wa pili kwenye mkanda huohuo, na ripoti yake hutaja sekunde anazoweza kukosea.