Kilomita Hufika Kabla ya Tarehe: Waranti ya Pikipiki Mpya Inavyopotea

Sentensi inayowanyima madereva wengi wa bodaboda waranti ni fupi, na imeandikwa wazi kwenye kitabu kinachotoka dukani pamoja na pikipiki: sevisi ya kwanza ifanyike kati ya kilomita 500 na 750, au kati ya siku ya 30 na ya 45, kitakachotangulia. Tarakimu hutofautiana kati ya chapa na chapa, nyingine hufika kilomita 1,000, lakini neno hilo la mwisho halikosekani. Tatizo ni kwamba muuzaji anapoeleza haya juu ya kaunta, kinachobaki kichwani mwa mnunuzi ni mwezi mmoja. Mwezi unahesabika kirahisi. Kilomita hakuna anayezihesabu.

Tumchukue dereva wa mfano aliyenunua pikipiki ya sisi 150 Jumapili na kuingia kijiweni Jumatatu. Kwa siku anatembea kilomita 120, siku sita kwa wiki, yaani kilomita 720. Ijumaa ya wiki ileile ya kwanza ameshavuka 500. Jumatatu inayofuata, hata kabla ya saa sita mchana, amevuka 750 na dirisha limefungwa. Yeye bado anasubiri mwezi uishe. Anapofika kwa wakala mwisho wa wiki ya nne, akiwa na furaha kwamba amewahi, mita inasoma 2,880. Fundi anaandika tarakimu hiyo kwenye kadi ya kazi, na hiyo tu inatosha kuja kumkatalia baadaye.

Hesabu hiyohiyo inaifupisha waranti yenyewe. Kama kitabu kinasema mwaka mmoja au kilomita 12,000, kitakachotangulia, dereva huyu anazimaliza katika wiki ya kumi na saba. Aliyenunua pikipiki ya kwendea kanisani na shambani ana mwaka mzima. Bodaboda ana miezi minne.

Kwa nini kampuni ing'ang'anie kilomita 500? Ukuta wa silinda mpya haujalainishwa kabisa. Kiwandani huachwa makusudi na michirizi membamba inayokatana, ili ringi za pistoni zipate pa kujisugulia hadi zikae sawasawa na ukuta. Katika msuguano huo, chembe za chuma hutoka na kuingia kwenye oili. Gia mpya nazo zinaachia zake, na sahani za klachi zinaongeza vumbi lake, maana kwenye pikipiki hizi oili moja, yapata lita 1, ndiyo inayohudumia injini, giaboksi na klachi. Injini nyingi ndogo za aina hii hazina filta ya karatasi kama gari. Zina wavu mdogo wa kuchujia, na nyingine zina kikombe kinachozungushwa kwa kasi ili uchafu utupwe pembeni. Chembe ndogo kabisa hupita. Oili ya kiwandani ikikaa hadi kilomita 3,000, inazungusha chuma hicho kwenye beringi na kwenye kamshafti kila sekunde injini inaponguruma.

Hapo ndipo wengi husema: basi si nimemwaga oili kwa fundi wa kijiweni? Wengi hufanya hivyo kweli, na sababu inaeleweka. Sevisi inayoitwa ya bure kwa kawaida ni bure kwa kazi ya fundi tu, oili unainunua. Ukiongeza foleni ya kwa wakala na nusu siku bila abiria, bure hiyo inakuwa ghali. Ila kumwaga oili ni sehemu tu ya sevisi ya kwanza. Sehemu ambayo fundi wa kijiweni huiruka mara nyingi ni vali.

Vali mpya zikianza kugonga vitako vyake, zinavizamia kidogo, na nafasi iliyoachwa kati ya vali na kinachoisukuma hupungua. Nafasi hiyo kwenye injini hizi ni kama milimita 0.05 hadi 0.1, nyembamba kuliko kucha. Ikipotea kabisa, vali haifungi vizuri. Vali ya ekzosi ndiyo inayoumia zaidi, kwa sababu hupoa kwa kugusana na kitako chake kila inapofunga. Isipogusana vizuri, moto hauna pa kutokea na ukingo wake unaungua. Dalili zake ni pikipiki kugoma kuwaka asubuhi, kukosa nguvu mlimani ikishapata moto, na kupigapiga kwenye ekzosi ukiachia mafuta. Cha ajabu, injini yenye vali zilizokaza haina kelele. Madereva huogopa mlio wa tik-tik-tik juu ya injini na kumwambia fundi aukaze uishe, kumbe mlio mdogo ni salama kuliko ukimya huo. Fundi mwenye geji anapima injini ikiwa baridi. Fundi asiye nayo anasikiliza, na sikio halipimi milimita 0.05.

Turudi kwa dereva wetu. Tuseme kwenye kilomita 6,000 pikipiki inatoa moshi wa bluu na inakula oili. Ameenda kwa wakala kudai. Kabla ya spana yoyote kushikwa, namba ya injini na ya chasisi zinalinganishwa na kitabu, kuponi zinaangaliwa kama zina muhuri, tarehe na kilomita, na boliti za injini zinakaguliwa. Boliti iliyokwaruzwa kichwa, au gasketi yenye silikoni iliyofinywa ikatokeza nje, inasema kwamba kuna mtu ameshafungua. Kwa kampuni nyingi mazungumzo yanaishia hapo, kwani aliyefungua anaweza kuwa amegeuza ringi au kubadilisha pistoni.

Ikiwa haijafunguliwa, wanaifungua wao, na chuma chenyewe kinatoa ushahidi. Ringi iliyowekwa juu chini kiwandani, au silinda yenye tundu la kalibu, huacha dalili mahali pamoja huku sehemu nyingine zikiwa safi. Hilo ni kosa la mtengenezaji. Mikwaruzo ya wima kuzunguka silinda, kamshafti iliyobadilika rangi kwa joto na wavu uliojaa unga wa chuma huonyesha oili iliyopungua au kukaa mno. Shida ni injini iliyo katikati: ringi zimeisha, chembe zipo, na hakuna anayeweza kuapa kilichoanza. Hapo muhuri wa sevisi ya kwanza ndio unaoamua. Fundi wa wakala angeiona pikipiki kwenye kilomita 600, angesikiliza injini, angeona kilichokuwa ndani ya oili, na kasoro ya kiwandani ingeandikwa mapema. Bila rekodi hiyo kampuni inasema pikipiki ilitoka nzima, na dereva hana karatasi ya kuipinga. Aliyemwaga oili kijiweni bila risiti, kwa macho ya kampuni hakumwaga.

Kuna njia nyingine za kuipoteza waranti, na iliyo mbaya kuliko zote ni kuchomoa kebo ya mita. Wapo wanaoichomoa ili kilomita zisisogee, hasa pikipiki ikiwa ya mkataba na bosi anakagua. Mita ikishatiliwa shaka, waranti ya pikipiki nzima inaondoka, si ya injini tu, kwa kuwa kila kipimo cha waranti kimesimama juu ya tarakimu ile. Hata kebo ikikatika yenyewe, toa taarifa siku hiyohiyo na ipewe tarehe.

Oili ya gari nayo inaponza. Baadhi ya oili za magari zina viungo vya kupunguza msuguano ili gari libane mafuta, lakini klachi ya pikipiki inaogelea ndani ya oili hiyohiyo na inahitaji msuguano ili ishike. Utaona injini inapanda mlio huku mwendo hauongezeki, hasa ukiwa na abiria mlimani. Tafuta chupa iliyoandikwa JASO MA au MA2, na uzito unaotajwa na kitabu chako.

Upande wa umeme, waya wa kiwandani ukikatwa kwa ajili ya honi kubwa, taa za ziada au chaja ya simu, usitegemee kulipwa rektifaya ikiungua. Na hapa wenye pikipiki za mkataba wasikie: kifaa cha kufuatilia kinachofungwa na bosi, chenye waya wa kukata moto kwa mbali, nacho ni mkono wa mtu wa nje kwenye waya. Kifungwe na wakala, au wakala akubali kwa maandishi kabla.

Mizigo kupita kiasi, mishikaki, sproketi zilizobadilishwa, injini iliyozama mtoni, vyote vimo kwenye orodha ya makatazo. Soma pia kama waranti yako inaihesabu bodaboda kuwa ni biashara, maana zipo zinazopunguza muda kwa matumizi ya kukodisha. Pedi za breki, sahani za klachi, cheni, plagi, balbu na matairi kwa kawaida hazimo tangu mwanzo, na betri mara nyingi ina waranti yake fupi. Hivyo usiseme waranti imefutwa kwa sababu umenyimwa pedi.

Maoni yangu ni kwamba baadhi ya mawakala wanaitumia sevisi ya kwanza kama kisingizio. Kuchelewa kumwaga oili kunaweza kuua ringi. Hakuwezi kupasua fremu kwenye maungio wala kuharibu swichi ya taa. Kosa la dereva linapaswa kumnyima haki ya kile lilichokiharibu tu. Mikataba mingi ya waranti imeandikwa kwa upana kuliko hapo, lakini mnunuzi bado ana pa kusemea. Nchini Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamlinda mlaji, na malalamiko hupokelewa na Tume ya Ushindani, FCC. Kenya kuna Sheria ya Kumlinda Mlaji ya mwaka 2012.

Ukikataliwa, usiondoke na jibu la mdomo. Omba barua yenye sababu, kipengele cha kitabu kilichovunjwa, kilomita zilizosomwa, na sehemu iliyoharibika pamoja na picha zake, na sehemu yenyewe usikubali itupwe. Na kama pikipiki yako iko bado dukani, piga hesabu ya kilomita zako za siku sasa, uweke miadi ya sevisi ya kwanza kabla hujakabidhiwa ufunguo. Kwa bodaboda wa mjini, miadi hiyo ni ya wiki hiihii.