Maoni Chini ya Picha za Maturubai

Moto ukipita Kadutu, mjini Bukavu, haichukui siku nyingi picha kufika LinkedIn. Mkuu wa mradi wa shirika la misaada amesimama mbele ya maturubai na mabati, na chini yake kuna maelezo ya Kifaransa kuhusu familia zilizofikiwa. Vijana wa mji huo wenye diploma na wasio na kazi wanaziona picha hizo mapema. Wengi wanaandika pongezi na baraka, na wachache wanaweka namba ya simu na kuomba kazi. Mkuu wa mradi anapitisha kidole, asikumbuke jina hata moja.

Tuangalie anachokiona kwenye simu yake. Juu kuna jina, chini ya jina ule mstari ambao kila mtu hujitambulisha nao, nao hukatwa ukiwa mrefu. Kisha yanafuata maneno ya mwanzo ya maoni, na yaliyobaki hujificha mpaka aguse. LinkedIn inaruhusu herufi 1,250, lakini hazihitajiki zote. Kinachoamua ni sentensi ya kwanza na huo mstari wa utambulisho. Ukisomeka “Natafuta nafasi yoyote”, maoni mazuri yanakosa mwenyewe. Ukisomeka “Fundi wa ujenzi, makazi ya mteremkoni, Bukavu”, msomaji ameshajua kwa nini akusikilize.

Tuchukue kijana wa kubuni, aliyesomea ujenzi na anayekaa Nyamugo, humohumo Kadutu. Anajua jambo ambalo picha hazikulionyesha, na anaandika hivi, kwa Kifaransa kama chapisho lenyewe:

“Hapa Nyamugo familia zinajenga upya mahali palepale, ukuta wa mbao ukigusa wa jirani. Turubai linazuia mvua, lakini moto ukirudi utapita njia ileile. Majirani wakiachiana nafasi ya mtu kupita na ndoo, kila nyumba inapoteza kidogo tu. Kikwazo ni kwamba mpangaji hawezi kusogeza mpaka, mwenye kiwanja ndiye anayeamua. Je, safari hii mlizungumza na wenye viwanja pia, au na wapangaji peke yao?”

Sentensi ya kwanza inataja mahali na kitu kilichoonekana kwa macho. Ya pili inakubali faida ya turubai kabla ya kuonyesha pengo, kwa hiyo mkuu wa mradi haaibishwi mbele ya wafadhili wake. Lakini kazi kubwa iko kwenye kikwazo. Mtu yeyote anaweza kupendekeza nafasi kati ya nyumba, ila anayetaja mwenye kiwanja ameonyesha kwamba anajua mapendekezo ya aina hiyo hukwamia wapi. Swali la mwisho nalo linajibika kwa sentensi moja. Angeuliza, “Mna mpango gani wa kudumu?”, jibu lingehitaji idhini ya makao makuu, basi lisingekuja.

Kuchagua chapisho ni nusu ya kazi. Mkurugenzi wa nchi mwenye wafuasi maelfu hasomi kila kitu, na pengine hata haandiki mwenyewe. Mhandisi au mkuu wa mradi anayepata maoni matano anasoma yote matano, hasa katika saa za kwanza. Na mara nyingi yeye ndiye anayekaa kwenye meza ya usaili, au anayeulizwa nani mtaani anafahamu jambo fulani.

Kuna mpaka ambao sikubali uvukwe. Tangu M23 ilipouchukua mji Februari 2025, maoni yanayotaja ghala lilipo, gari litapita lini au jina la mwenye kiwanja yanaweza kumdhuru mtu. Tatizo liandikwe, mtu aachwe. Picha ya jirani aliyeunguliwa isiwekwe kama ushahidi, hata akiwa ameridhia kwa uchungu wa siku ile.

Alama za “napenda” kutoka kwa wanafunzi wenzako zinafurahisha, lakini hazionyeshi kwamba umefika. Dalili ni mwandishi kukujibu, na bora zaidi kukuuliza, au wafanyakazi wa shirika lile kuanza kutembelea ukurasa wako. Akiuliza, “Wenye viwanja wanapatikana vipi?”, mjibu siku hiyohiyo kwa unachokijua, bila kubandika wasifu wa kazi. Ombi la kuunganishwa linaweza kufuata hapo, likitaja mazungumzo yenyewe. Kazi yenyewe bado itatangazwa na kushindaniwa, kwa kuwa mashirika mengi yanabanwa na taratibu zao za kuajiri. Kinachobadilika kinaweza kutokea mapema zaidi: timu ikitafuta mtu wa kutembea nayo vichochoroni Nyamugo kabla ya awamu ya pili ya ujenzi, kuna mtu wa kumpigia.