Barua kwa Darasa: Swali la Fukusi

Kisumu, Alhamisi

Wapendwa wanafunzi,

Wiki ijayo makundi manne yatawasilisha kazi zao katika somo letu la uandishi wa habari za sayansi, na kila ambaye hawasilishi siku hiyo atauliza swali moja. Muhtasari wa kila kundi mnao tayari. Nawaandikia mapema kwa sababu swali zuri huonekana kana kwamba limemjia muulizaji papo hapo, kumbe limefanyiwa kazi siku kadhaa. Katika kufundisha kwangu hakuna kinachonifurahisha kama kumsikia mwanafunzi akiuliza jambo fupi, kwa sauti ya kawaida, na chumba kizima, mwasilishaji akiwemo, kikaanza kuitazama mada upya. Nataka tulifuatilie swali moja la aina hiyo tangu linapoanza. Nitatumia muhtasari wa kundi la pili, na wenyewe wamekubali.

Kundi la pili linaeleza habari ya magugu maji katika Ghuba ya Winam. Wanasema magugu yalienea ziwani tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 1997 watafiti wakaanza kuachilia fukusi wanaokula mmea huo peke yake. Kuelekea mwisho wa 1998 magugu yalikuwa yamefunika karibu hekta 17,000 za ghuba, kisha katika muda mfupi sehemu kubwa ikatoweka. Kwa hiyo, wanamalizia, fukusi ndio walioliokoa ziwa.

Andikeni dai hilo kwa sentensi moja, kwa maneno yenu, kisha mtafute mahali ambapo "kwa hiyo" imesimama. Hapo ndipo pa kufanyia kazi. Kila kilichotangulia kinaweza kuwa sahihi bila hitimisho kuwa sahihi. Sasa jiulizeni: ni jambo gani jingine lililotokea katika miaka hiyo hiyo, ambalo nalo lingeweza kuyaondoa magugu? Yeyote mwenye mzazi aliyeishi Nyanza wakati huo atajibiwa kabla hajamaliza kuuliza: mvua za El Niño. Zilianza mwishoni mwa 1997 zikaendelea hadi 1998. Mawingu yalipunguza mwanga, maji ya ziwa yakapanda, dhoruba na mawimbi yakayavunja matandiko ya magugu. Hili si wazo la kubuni darasani. Watafiti wamebishana juu yake katika majarida ya kisayansi, wengine wakiwapa fukusi sifa kubwa, wengine wakiipa hali ya hewa.

Wengi huishia hapa. Wameona maelezo ya pili, wanafurahi, na siku ya siku wanasimama kuuliza, "Mbona hamkutaja El Niño?" Swali hilo linamwonyesha mwasilishaji kosa lake lakini halimfundishi mtu yeyote kitu kuhusu ziwa. Atajibu kwamba hata mvua zilichangia, nanyi mtakaa chini. Kazi iliyobaki ndiyo ninayoipenda zaidi: kutafuta mahali ambapo maelezo hayo mawili yanaachana, yaani kitu ambacho kingeonekana kwa namna moja kama ni fukusi na kwa namna nyingine kama ni dhoruba.

Ili kukipata, lazima mjue fukusi anafanya nini hasa. Ni mdudu mdogo, urefu wake kama milimita tano. Aliyekomaa huguguna uso wa jani na kuacha makovu madogo mengi. Jike hutaga mayai ndani ya mmea, na buu hutoboa njia ndani ya kikonyo, akishuka kuelekea kwenye shina. Kikonyo hicho ndicho kinachouelesha mmea. Kikishatobolewa, maji na uozo huingia, mmea hudumaa na kuanza kuzama pale pale ulipo. Dhoruba haifanyi hivyo. Dhoruba hurarua mmea wenye afya na kuutupa ufukweni ukiwa bado na rangi ya kijani.

Tazameni basi tulipofika. Tofauti iko kwenye jani lenyewe, na jani lilionekana na watu. Swali linajiandika: "Magugu yalipoanza kupungua, majani yake yalikuwa katika hali gani?" Halina utangulizi, halimsomei mwasilishaji hotuba, wala haliwezi kujibiwa kwa ndiyo au hapana. Pia halionyeshi muulizaji anaegemea upande upi. Kama kundi limesoma vizuri, swali linawapa nafasi ya kueleza makovu, vikonyo vilivyotobolewa na mimea iliyodumaa, na dai lao litatoka likiwa na nguvu kuliko lilivyoingia. Kama hawakusoma, watajua mara moja ni kitu gani cha kwenda kutafuta. Jibu la "hatujui" kwa swali kama hili ni jibu lenye faida.

Kabla ya kulifikia, mtakuwa mmeandika mengine na kuyakata. Kwa mfano, mtu angeweza kuuliza kama fukusi waliweza kweli kuongezeka kiasi cha kutosha kufikia mwisho wa 1998. Linavutia, lakini lifanyieni hesabu nyumbani kwanza. Toka yai hadi mdudu mkomavu ni kama miezi mitatu au minne, kwa hiyo katika miaka miwili hupatikana vizazi sita hadi vinane. Kwa mdudu anayetaga mayai mengi, inawezekana. Swali ambalo mnaweza kulijibu wenyewe kwa penseli lisichukue dakika za wenzenu.

Andaeni pia swali la kufuatia, mliweke akiba. Hapa lingekuwa hili: baada ya mvua kubwa za mwisho wa 2006, magugu yalirudi kwa wingi ghubani ingawa fukusi walikuwa bado wapo, je, hilo linabadilisha nini katika dai lenu? Msiliulize kabla ya kusikiliza. Huenda mwasilishaji akaeleza mwenyewe kwamba mbegu hudumu miaka mingi kwenye matope, kwamba mito huleta rutuba, na kwamba fukusi hupungua chakula chao kinapopungua, hivyo huchelewa kuufikia mmea unapochipuka tena. Akishaeleza hayo, mwacheni aendelee.

Kwa kundi la nne nawadokezea jambo moja tu. Wamelinganisha picha walizopiga Dunga katika siku mbalimbali, wakaona magugu yakipungua. Ninyi wakaaji wa Kisumu mnajua kwamba mchana upepo huvuma kutoka ziwani kuja nchi kavu, na usiku hugeuka. Tandiko la magugu husafiri na upepo. Anzieni hapo.

Swali la majani sasa mmelisikia wote, kwa hiyo asilitumie mtu. Kila mmoja aje na karatasi yenye dai la kundi kwa sentensi moja, maelezo mengine yanayoweza kulingana na ushahidi uleule, swali lake, na chini yake maswali yote aliyoyakata. Yale yaliyokatwa nitayasoma kwa makini kuliko lililobaki. Siku ya kuuliza, someni swali kama lilivyoandikwa, kisha nyamazeni hata kama mwasilishaji atakawia kujibu.

Mwalimu wenu