Rejesho la Julai

Ukurasa ule wa ombi la mkopo wa kiwanda kidogo cha kukamua alizeti cha Singida mmeusoma, maana uligawiwa kwenye semina kama mfano wa kuigwa. Mimi siuigi. Mwandishi wake alikuwa na slaidi kumi na nne za wamiliki mkononi, na ndani yake mlikuwa na jedwali moja tu ambalo afisa mikopo angelipigia mstari: fedha inayobaki kila mwezi kabla ya rejesho. Jedwali hilo akaligawanya kwa kumi na mbili, akaandika wastani, akalitupa.

Tulitazame alilolitupa. Kiwanda kinaomba shilingi milioni 48 za kununulia mbegu wakati wa mavuno, Juni, bei ikiwa chini. Kuanzia Septemba hadi Januari, mafuta yakiwa yamepanda bei, kinabakiwa na milioni 14 kwa mwezi. Julai na Agosti kila mwenye mashine ana mafuta ya kuuza, kwa hiyo wamiliki wanazuia ya kwao na kuuza mashudu tu. Hapo wanapata milioni 2 kwa mwezi. Februari hadi Mei mbegu zimekwisha, mashine imelala, inaingia milioni moja moja. Juni ni milioni 1.2. Jumla ya mwaka ni milioni 79.2, na wastani wake ni milioni 6.6 kwa mwezi.

Rejesho la miezi kumi na miwili sawa, kwa riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi inayopungua na salio, ni kama milioni 4.4. Mwandishi akachukua 6.6, akagawa kwa 4.4, akapata 1.5, akaikoza wino: kila shilingi ya rejesho ina shilingi moja na nusu ya kuilipa. Kwenye karatasi inapendeza. Lakini mkopo ukitoka Juni, rejesho la kwanza ni Julai, na Julai mezani kuna milioni 2. Pengo ni milioni 2.4. Agosti pengo ni lilelile. Mteja anaanza na malimbikizo kabla hajauza dumu moja la mafuta, na alama hiyo inabaki kwenye taarifa zake za mikopo hata Septemba akilipa yote.

Kibaya zaidi, afisa aliye makini haupokei wastani ule. Ana taarifa ya akaunti ya mwaka mzima mbele yake, anaona fedha inayoingia ilivyoporomoka tangu Februari, na anajiuliza kwa nini ukurasa haukulitaja hilo. Hapo hata mambo ya kweli yaliyoandikwa vizuri yanaanza kumtia shaka. Na yapo: hati ya kiwanja, leseni, wanunuzi watatu wa kudumu, vyote vimewekwa sawasawa.

Angeuacha msimu uonekane, ombi lenyewe lingebadilika sura. Julai na Agosti lipa riba peke yake, laki saba na elfu ishirini kila mwezi. Kisha mtaji ulipwe kwa mafungu matano ya milioni 9.6, Septemba hadi Januari. Fungu la kwanza na riba yake ni milioni 10.32 dhidi ya milioni 14 zinazoingia, uwiano wa 1.36, na yanayofuata ni mepesi zaidi kwa kuwa riba inashuka. Uwiano ni mdogo kuliko ule wa 1.5 wa kujipamba, ila huu unalipika. Februari mashine inalala bila deni.

Makarani wa vyama vya msingi walilijua hili bila slaidi hata moja. Pembejeo za mkopo zilikatwa kwenye malipo ya zao, mkulima alipouza; hakuna aliyemdai mwenye pamba rejesho wakati pamba ingali maua. Leo tuna wakufunzi wanaofundisha vijana kuanza na ukubwa wa soko, na kweli, mistari mitatu ya kwanza ya ukurasa huu ni mahitaji ya mafuta ya kula nchini. Nimelisema mpaka nimechosha watu: mwekezaji ananunua sehemu ya ukuaji, benki haipati hata senti ya ukuaji huo. Inapata riba yake, basi. Soko likiwa kubwa mara kumi, rejesho la Julai bado ni lilelile.

Nafasi ilikuwepo. Mistari ile mitatu ya soko ingetosha kabisa jedwali la miezi kumi na miwili: safu moja ya fedha inayoingia, ya pili rejesho, ya tatu kinachobaki. Na chini yake sentensi moja ya kumweleza afisa kwamba mafuta ya Julai yanazuiwa kwa hiari, yanahifadhiwa kwenye matangi gani, na yakihitajika kuuzwa mapema kwa bei ya chini kiasi gani kingepatikana. Hilo la mwisho ndilo kamati ya mikopo ingeliuliza kwanza, na kwenye slaidi zote kumi na nne halimo.