Mkono wa Kushoto wa Mchora Ramani

Mtazame mchora ramani stadi akiwa kwenye AutoCAD. Mkono wa kulia hauachi kipanya. Wa kushoto umetulia kwenye kibodi, kidole gumba juu ya kitufe kirefu cha nafasi. Macho hayatoki kwenye mchoro, na kasi yake imetoka hapo. Anayepandisha mshale hadi kwenye vitufe vya juu kila anapotaka kunakili hupoteza zaidi ya sekunde: akirudi, inambidi aitafute upya kona aliyokuwa ameikazia macho.

Tatizo ni kwamba vifupi vinavyokuja na programu havikuujali mkono wa kushoto. M ya kuhamisha na O ya mstari sambamba ziko kulia kwa kibodi. C wamepewa duara, ilhali kwenye ramani ya nyumba tunanakili kutwa nzima na duara ni la nadra. Dawa imo katika faili la maandishi liitwalo `acad.pgp`. Mwishoni mwake pana sehemu ya mtumiaji, nami huandika hapo:

```
C,  *COPY
CC, *CIRCLE
V,  *MOVE
D,  *OFFSET
R,  *ROTATE
```

Kifupi kikijirudia, cha chini ndicho kinachoshika, kwa hiyo mistari ya juu iache ilivyo. Hifadhi faili, andika `REINIT`, tia alama kwenye PGP File, basi.

Sasa chora ukuta wa milimita 150. Bonyeza D na nafasi, andika 150 na nafasi, gusa mstari, kisha gusa upande unaoutaka. Ukishamaliza, nafasi moja inafunga amri. Ukihitaji ukuta mwingine baadaye kidogo, nafasi inaiamsha amri ileile, na nyingine inaikubali 150 iliyokwisha kukumbukwa. Gumba peke yake limefanya kazi yote. Uzuri wa namna hii hauonekani kwenye karatasi iliyochapwa.

Kipanya nacho kina yake. Kuzungusha gurudumu hukuza mchoro pale mshale ulipo, kulishikilia husogeza karatasi, na kulibonyeza mara mbili upesi huleta mchoro mzima. Ukilishikilia ikafunguka menyu, weka `MBUTTONPAN` iwe 1. Mchoro ukiruka mno kwa kila mzunguko, punguza `ZOOMFACTOR`, ambayo huja ikiwa 60. Mimi hupenda 40, hasa kwenye michoro ya vyoo na mabomba.

Mazoea haya yana gharama ukikaa kwenye mashine ya mwenzako. Unabonyeza C ukitarajia kuulizwa vitu vya kunakili, mstari wa amri unakuuliza kitovu cha duara. Bonyeza Esc, wala usiguse faili lake. Lako liwe na nakala kwenye flashi, kwa sababu toleo jipya la programu linaweza kuja na `acad.pgp` yake yenyewe, na ile mistari yako mitano isiwemo.