Kisa cha chujio: nusu nzuri, nusu mbaya

Wenzangu, kile kisa cha mchambuzi wa kooperative tunachosimuliana, mie nakipenda nusu. Mashamba 40 ya mahindi, kila moja hektari 1. Alichuja mistari yenye mavuno 0 juu ya kuchora grafiki moja, halafu akasahau kuirudisha. Tablo yake ilitumia `=SOUS.TOTAL(1;D2:D41)`, na hiyo fomula inahesabu mistari inayobaki tu. Ikatoa wastani wa tani 1,6. `=MOYENNE(D2:D41)` ingetoa 1,2. Kamati ikazidisha 1,6 kwa 40, ikaahidi mnunuzi tani 64. Mu depo kulikuwa 48.

Kisa kinaishia pale anafukuzwa, watu wanacheka. Hapo ndipo kinanikera. Alama zilikuwa pale: namba za mistari zilikuwa bluu, na chini ya ekrani iliandikwa 30 juu ya 40. Lakini kamati ilionyeshwa picha tu, na hakuna aliyeuliza ni mashamba mangapi. Na yale 10 yaliyofichwa, msimulizi hasemi hata yaliharibiwa na nini. Viwavi? Jua? Mie niliyesoma kilimo, ningeanzia hapo.