Rejea Kando ya Kila Hoja: Uhakiki wa Muhtasari wa Sheria
Muhtasari unaorundika marejeo mwishoni mwa aya humlazimu mhakiki kuisoma upya matini nzima. Mfano ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004. Muhtasari ukieleza tu kwamba notisi ya kusitisha ajira ni siku 28, kauli hiyo huonekana kamili. Ikiwekwa kando yake rejea ya kifungu cha 41(1)(b)(ii), mhakiki hufika hapo moja kwa moja na kubaini kuwa siku 28 ni kima cha chini, tena kwa aliyeajiriwa kwa mwezi. Juu yake, aya ya (a) inaweka siku 7 iwapo notisi imetolewa katika mwezi wa kwanza wa ajira. Rejea ya sheria kwa jumla isingeufichua upungufu huo. Kwa sheria, namba ya kifungu hufaa kuliko ukurasa, kwani kurasa hubadilika kila chapa. Hata hivyo, rejea huthibitisha kilichotajwa tu. Kilichoachwa hubainika pale mhakiki anaposoma pia aya zilizo jirani.